Kuponi Siyo Faida Yote: Jinsi ya Kulinda Akiba ya Miaka 20 Dhidi ya Mfumuko wa Bei

Mwongozo huu ni kwa mtu wa Lagangabilili, Bariadi au Maswa mwenye fedha ambazo hatazigusa kwa miaka mingi: mafao ya kustaafu, fedha za pamba za msimu mzuri, au bei ya ng'ombe aliowauza ili apumzike kuchunga. Umeshasikia kwamba hatifungani za Serikali zinalipa vizuri na hazina usumbufu. Ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi sana: sehemu ya kuponi unayolipwa kila miezi sita siyo faida. Ni mtaji wako unaorudi kidogo kidogo. Ukiila kuponi yote, mwisho wa miaka 20 utarudishiwa shilingi zilezile, ila zitakuwa zimepungua nguvu.

Katika baadhi ya nchi, Serikali huuza hatifungani inayoshughulikia jambo hilo yenyewe. Tanzania haijauza hatifungani ya aina hiyo. Kwa hiyo tutaanza kwa kuielewa, kisha tuone namna ya kuiga kazi yake kwa kutumia hatifungani za kawaida zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania.

## Aina mbili, tofauti moja

Hatifungani ya kuponi isiyobadilika. Unaikopesha Serikali shilingi 10,000,000. Inakuahidi, tuseme, asilimia 12 kwa mwaka. Utapokea 600,000 kila miezi sita, na siku ya kuiva utarudishiwa 10,000,000. Bei za vitu zikipanda au zisipopanda, namba hizo hazisogei.

Hatifungani inayofuata mfumuko wa bei. Hapa Serikali inakuahidi riba ndogo zaidi, tuseme asilimia 5, lakini mtaji wenyewe unapandishwa kadiri bei zinavyopanda. Bei zikipanda kwa asilimia 4, mtaji wa 10,000,000 unahesabiwa kuwa 10,400,000, na riba ya asilimia 5 inapigwa juu ya hiyo 10,400,000. Siku ya kuiva unalipwa mtaji uliokwisha kupandishwa.

Ni sawa na kumkopesha jirani gunia la mahindi mkakubaliana arudishe gunia, siyo bei ya gunia ya siku ile. Mpango huo si mgeni. Mwaka 1780, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, jimbo la Massachusetts liliwapa askari wake hati za deni ambazo malipo yake yalifuata bei ya vitu vinne: mahindi, nyama ya ng'ombe, sufu na ngozi. Uingereza ilianza kuuza hatifungani za namna hii mwaka 1981, Marekani mwaka 1997 na Afrika Kusini mwaka 2000.

## Kwa nini riba zao hazifanani

Usishangae kwamba moja inalipa 12 na nyingine 5. Kwenye ile 12, Serikali imekulipa mapema fidia ya mfumuko wa bei unaotarajiwa, na ikakuachia wewe hatari ya makisio kukosewa. Kwenye ile 5, Serikali imebeba hatari hiyo, ndiyo maana inatoa kidogo.

Ukigawa 1.12 kwa 1.05 unapata 1.067 hivi. Maana yake, kwa mfano wetu, mfumuko ukiwa wastani wa asilimia 6.7 kwa mwaka, aina zote mbili zinatoka sare. Ukiwa chini ya hapo, mwenye kuponi isiyobadilika ndiye anayefaidi. Ukiwa juu ya hapo, anafaidi mwenye mtaji unaopandishwa.

Kwa miaka ya karibuni Tanzania, mwenye kuponi isiyobadilika amekuwa upande wa heri. Mfumuko wa wastani ulikuwa asilimia 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021, kuponi yake ilikuwa asilimia 15.95. Aliyeinunua wakati ule amepata nyongeza kubwa juu ya mfumuko, na hata Serikali ilipouza za miaka 25 kwa asilimia 12.56 mwaka 2022, yeye aliendelea kulipwa 15.95 yake.

Lakini miaka 20 ni mirefu. Desemba 2011 mfumuko wa Tanzania ulifika asilimia 19.8. Katikati ya miaka ya 1990 ulipita asilimia 30. Mwenye kuponi ya 12 katika mwaka kama huo analipwa vizuri kwenye karatasi huku akizidi kuwa maskini.

> KISANDUKU: 10,000,000 ya leo itanunua nini baada ya miaka 20?
>
> Mfumuko ukiwa asilimia 4 kila mwaka: itanunua kinachonunuliwa leo na 4,560,000 hivi.
>
> Mfumuko ukiwa asilimia 10 kila mwaka: itanunua kinachonunuliwa leo na 1,490,000 hivi.
>
> Ndiyo sababu "mtaji wangu uko salama serikalini" ni kauli ya kweli nusu. Shilingi ziko salama. Nguvu yake ya kununua unailinda wewe.

## Jitengenezee ulinzi: tenga sehemu ya kuponi

Kanuni ni fupi. Kila mwaka, zidisha mtaji wako kwa kiwango cha mfumuko wa bei. Jibu unalopata ni sehemu ya kuponi ambayo si faida. Iongeze kwenye mtaji. Kinachobaki ndicho cha kula.

Tuseme wewe ni mwalimu mstaafu wa Lagangabilili. Umeweka 10,000,000 kwenye hatifungani ya miaka 20 yenye kuponi ya asilimia 12, nawe umeinunua kwa bei ya 100 kwa 100. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukulie kwamba fedha unazotenga nazo zinazalisha asilimia 12. Mfumuko wa miaka mitatu ya mwanzo ni asilimia 4, kisha 3, kisha 6.

| Mwaka | Mtaji mwanzoni | Mapato ya mwaka | Mfumuko | Tenga | Tumia |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 10,000,000 | 1,200,000 | 4% | 400,000 | 800,000 |
| 2 | 10,400,000 | 1,248,000 | 3% | 312,000 | 936,000 |
| 3 | 10,712,000 | 1,285,440 | 6% | 642,720 | 642,720 |

Mwisho wa mwaka wa tatu mtaji wako ni 11,354,720. Bei nazo zimepanda kwa kiasi hichohicho: kilichonunuliwa kwa 10,000,000 sasa kinahitaji 11,354,720. Hujapoteza kitu.

Sasa tazama jirani yako wa kufikirika, ambaye angekuwa na hatifungani inayofuata mfumuko yenye riba ya asilimia 5. Mtaji wake nao ungefika 11,354,720. Riba yake ingekuwa 520,000 mwaka wa kwanza, 535,600 wa pili na 567,736 wa tatu. Kwa miaka mitatu angetumia jumla ya 1,623,336, wakati wewe umetumia 2,378,720. Umemzidi kwa sababu mfumuko ulikaa chini ya ile 6.7.

Tazama tena safu ya "Tumia", maana hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo. Matumizi ya jirani yanapanda taratibu pamoja na bei, mwaka hadi mwaka. Yako yalipanda hadi 936,000, kisha yakaanguka hadi 642,720 katika mwaka uleule ambao bei dukani zilikuwa zimepanda zaidi. Mfumuko ungefika 12, usingebaki na cha kutumia hata senti. Ungepita 12, hata kutenga kuponi nzima kusingetosha kuulinda mtaji. Huo ndio ukomo wa njia hii: inakulinda dhidi ya mfumuko wa kawaida, siyo dhidi ya mlipuko.

## Kinga dhidi ya mlipuko: usifunge zote kwa miaka 20

Dhidi ya mlipuko, kinga iliyopo ni kugawanya muda. Mfumuko ukiruka, hatifungani mpya kwa kawaida huja na faida kubwa zaidi, kwa kuwa wakopeshaji hawakubali kuumia mara mbili. Mwenye fedha zinazoiva karibu anaingia kwenye viwango vipya. Mwenye zote ndani ya miaka 20 anabaki akitazama.

Kwa mstaafu wetu, mgawanyo unaweza kuwa 6,000,000 kwenye miaka 20 na 4,000,000 kwenye miaka 2 na 5. Gharama yake ni kwamba za muda mfupi mara nyingi hulipa kuponi ndogo. Hiyo tofauti ichukulie kuwa bei ya bima.

Kinga nyingine ya watu wa Simiyu ni mali yenyewe: ng'ombe, shamba, ghala la mahindi. Bei ya ng'ombe hufuata bei za vitu vingine kwa muda mrefu, jambo ambalo kuponi haiwezi. Ila ng'ombe hufa kwa ukame na maradhi, na ukame ndio huohuo unaopandisha bei ya mahindi. Basi usiuze mifugo yote ili ununue hatifungani, wala usiiweke akiba yote zizini.

## Namna ya kununua, hatua kwa hatua

1. Fungua akaunti ya CDS. Hii ndiyo akaunti ambamo hatifungani yako inaandikwa. Siku hizi hakuna cheti cha karatasi cha kuficha sandukuni. Hufunguliwa kupitia benki au dalali wa soko la hisa aliyeidhinishwa. CRDB na NMB wana matawi Bariadi. Beba kitambulisho cha NIDA na taarifa za akaunti yako ya benki, na umwambie ofisa waziwazi: "Nataka kununua hatifungani za Serikali kwenye mnada wa Benki Kuu." Asipoelewa, omba kuonana na anayehusika na dhamana za Serikali, hata kama yuko Mwanza au makao makuu.

2. Soma tangazo la mnada. Benki Kuu hutangaza ratiba na minada kwenye tovuti yake, `www.bot.go.tz`. Tafuta mambo matatu: muda wa hatifungani, kuponi, na kama ni mpya au ni ya zamani inayouzwa tena.

3. Chagua zabuni isiyo ya ushindani. Mwekezaji mdogo hana sababu ya kubahatisha bei. Kwa zabuni hii unataja kiasi tu, na unalipa bei ya wastani ya walioshinda. Kiwango cha chini ni shilingi 1,000,000.

4. Weka fedha na ziada kidogo. Bei inaweza kuzidi 100. Ukikuta akaunti ina pungufu siku ya malipo, zabuni yako inaharibika.

5. Dai uthibitisho. Baada ya mnada, omba taarifa ya akaunti yako ya CDS inayoonyesha namba ya hatifungani, kiasi na tarehe ya kuiva. Iweke pamoja na hati nyingine za familia, na mrithi wako ajue ilipo.

6. Andika tarehe mbili za kuponi. Kila hatifungani hulipa mara mbili kwa mwaka, kwa tarehe zinazojulikana tangu mwanzo. Fedha huingia kwenye akaunti yako ya benki.

## Namna ya kutenga, kila mwaka

1. Chukua kiwango cha mfumuko. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa kila mwezi, na redio huitangaza. Tumia ile inayotolewa Januari, yenye mfumuko wa mwaka ulioishia Desemba.

2. Piga hesabu. Mtaji wote, pamoja na uliokwisha kuongezwa, zidisha kwa kiwango hicho.

3. Hamisha fedha hizo siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba 400,000 haitoshi mnada. Iweke kwanza kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaopokea kiasi kidogo, kwa mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Ikifika milioni, nenda mnadani. Kuponi ya hatifungani utakayonunua wakati huo inaweza kuwa juu au chini ya ile ya kwanza. Ndiyo maana jedwali letu ni dira, siyo ahadi.

4. Rekebisha kwa maisha yako. Katika kapu linalotumika kupima mfumuko wa taifa, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28 hivi. Kaya nyingi za vijijini hutumia zaidi ya hapo kwa chakula. Mwaka ambao mahindi yamepanda sana, mfumuko wako unakuwa juu ya ule wa taifa. Ongeza asilimia 1 au 2 kwenye hesabu ya kutenga. Kumbuka kwamba hata mwenye hatifungani inayofuata mfumuko analipwa kwa kapu la taifa, siyo la jikoni kwake.

## Makosa yanayojirudia

Kutazama kuponi bila kutazama bei. Hatifungani ya kuponi 12 ikiuzwa kwa 108.50, utalipa 10,850,000 ili uandikiwe 10,000,000. Kuponi ni 1,200,000, ambayo kwa fedha uliyotoa ni asilimia 11 hivi. Na siku ya kuiva utarudishiwa 10,000,000, siyo 10,850,000. Hiyo 850,000 nayo inabidi uitenge kutoka kwenye kuponi kabla haijaiva, mbali na sehemu ya mfumuko.

Kudhani "Serikali" maana yake bei haishuki. Ukiuza kabla ya kuiva kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, utapata bei ya siku hiyo. Viwango vipya vikiwa vimepanda, hatifungani yako ya zamani itauzwa kwa hasara.

Kudhani zinazofuata mfumuko haziwezi kukuumiza. Mwaka 2022 mfumuko wa Marekani ulikuwa mkubwa kuliko wa miongo minne iliyopita, na bado thamani ya hatifungani zao za aina hii sokoni ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10, kwa kuwa riba kwa jumla zilipanda ghafla. Waliosubiri kuiva walilindwa kama walivyoahidiwa. Waliouza katikati waliumia.

Kutuma fedha kwa mtu. Hakuna wakala wa hatifungani anayepokea fedha kwa namba yake ya simu. Fedha hutoka kwenye akaunti yako ya benki kwenda kununua dhamana iliyoandikwa jina lako kwenye CDS. Anayekuahidi asilimia 5 kwa mwezi "kupitia Benki Kuu" ni tapeli.

> KISANDUKU: Mwenye ndugu ughaibuni
>
> Mtoto aliye Marekani mwenye namba ya hifadhi ya jamii ya huko anaweza kununua hati za akiba ziitwazo I Bonds kupitia tovuti ya `TreasuryDirect`, kuanzia dola 25, kwa ukomo wa dola 10,000 kwa mwaka. Haziuziki kabla ya mwaka mmoja, na ukizitoa kabla ya miaka 5 unapoteza riba ya miezi mitatu.
>
> Tahadhari: zinafuata bei za Marekani kwa dola. Hazijui bei ya debe la mahindi Lagangabilili, na shilingi ikipanda dhidi ya dola zinapungua mkononi mwako.

## Kabla ya kusaini, jibu haya

- ☐ Fedha hizi naweza kuziacha hadi siku ya kuiva bila kuuza?
- ☐ Nimeacha pembeni akiba ya dharura ya miezi kadhaa, nje ya hatifungani?
- ☐ Nimejua bei ya mnada, siyo kuponi peke yake?
- ☐ Nimeuliza benki kuhusu ada zake, na kama kuponi ya hatifungani hii hukatwa kodi ya zuio?
- ☐ Sehemu ya fedha inaiva ndani ya miaka 5?
- ☐ Nimekwisha kuamua fedha ninayotenga itakaa wapi hadi ifike milioni?
- ☐ Kiasi kinachobaki baada ya kutenga kinatosha matumizi niliyokusudia?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Kama unahitaji 1,200,000 nzima kila mwaka ili uishi, basi ukubali mapema kwamba unakula mtaji, na upige hesabu utakutosha kwa miaka mingapi. Kwa mzee wa miaka 75 huo unaweza kuwa uamuzi mzuri kabisa. Kwa mstaafu wa miaka 60 mwenye wajukuu wa kusomesha, bora aanze na matumizi ya 700,000 tangu mwaka wa kwanza kuliko kushushiwa na bei akiwa na miaka 80.